Jumbe 14 kwa mpigo: kunakili, kusambaza, kutia nyota au kufuta, WhatsApp na Telegram zikiwa bega kwa bega

Kuchagua jumbe nyingi kwa pamoja ni rahisi. Kwenye simu ya Android unabonyeza ujumbe mmoja na kuushikilia mpaka ubadilike rangi, kisha unagusa mingine mmoja mmoja huku namba iliyo juu ya kioo ikipanda. Kwenye WhatsApp ya iPhone unashikilia ujumbe, unachagua kwanza kitendo kama kusambaza au kufuta, halafu viduara vinatokea pembeni uviguse. Shida huanza baada ya hapo, kwa sababu vitendo vinne vinavyokungoja havifanyi kazi zinazofanana hata kidogo, na kila programu imeviwekea mipaka yake.

Nitavilinganisha kwa kutumia kazi moja. Una grupu la watu wanaojisomea pamoja kwa ajili ya mtihani. Limekaa miezi kadhaa na lina maelfu ya jumbe: salamu, vichekesho, mabishano, na ndani yake jumbe 14 zenye maana. Kati ya hizo, 9 ni maandishi ya watu wanne tofauti wakikubaliana ratiba na mada, 3 ni picha za maelezo yaliyoandikwa ubaoni, 1 ni faili la PDF na 1 ni ujumbe wa sauti. Mtu mpya amejiunga leo, hivyo hajaona chochote cha nyuma. Unataka azipate jumbe hizo 14, wewe mwenyewe zisikupotee, na takataka nyingine zote ziondoke kwenye simu yako.

Kunakili dhidi ya kusambaza: nani alisema nini

Watu wengi hukimbilia kusambaza, kwa kuwa mshale uko pale pale juu. Kwenye WhatsApp, kwa kazi hii, hilo ndilo chaguo baya zaidi kwa zile jumbe 9 za maandishi. WhatsApp inaposambaza ujumbe haiendi na jina la aliyeuandika. Mpokeaji anaona jumbe 9 zimetoka kwako, zikiwa na alama ndogo kwamba zimesambazwa, zote zikibeba saa ya sasa na si saa zilipoandikwa. Kama mmoja alipendekeza Jumanne, wa pili akasema Alhamisi, wa tatu akajibu "Sawa, hiyo ya pili", mgeni wenu atasoma kauli tatu zisizo na wenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo huonekana tu ukifungua upande wa mpokeaji. Katika grupu, jibu mara nyingi huwa limenukuu ujumbe linaoujibu, na ile nukuu ndogo inakaa juu yake. Ukisambaza jibu hilo, nukuu haiendi. "Ndiyo, lakini kwa mada ya kwanza tu" inabaki yenyewe hewani. Alama za hisia pia zinabaki nyuma: kama mlipiga kura kwa dole gumba kumi juu ya pendekezo fulani, pendekezo linafika bila dole hata moja.

Kunakili kwenye WhatsApp kunatenda kinyume. Ukinakili ujumbe mmoja, unapata maneno yake matupu. Ukinakili kuanzia miwili, kila ujumbe unakuja na tarehe, saa na jina. Ukibandika popote, unapata kitu cha namna hii, ingawa mpangilio wa tarehe hufuata mipangilio ya simu:

```
[12/3, 19:04] Katibu: Tuanze na mada ya pili
[12/3, 19:06] Jirani wa dirishani: Alhamisi saa 12 jioni
[12/3, 19:11] Katibu: Sawa, Alhamisi
```

Mgeni akisoma hivyo anafuata mazungumzo bila kuuliza. Kwa hiyo, kwa maandishi yenye wasemaji zaidi ya mmoja, kwenye WhatsApp mimi hunakili.

Lakini tazama tena yale majina. Ni majina uliyoyaandika wewe kwenye kitabu chako cha namba. Ukimhifadhi mtu kwa jina la utani, au kwa maelezo kama "usimkopeshe tena", hilo ndilo litakalobandikwa mbele ya watu. Na yule ambaye hujamhifadhi kabisa anaweza kutokea kwa namba yake ya simu, nzima, ndani ya maandishi unayompelekea mtu ambaye pengine hakupaswa kuwa nayo. Kabla ya kutuma, bandika kwanza kwenye gumzo lako mwenyewe au kwenye daftari la simu, safisha majina na namba, ndipo upeleke. Dakika mbili hizo zina thamani.

Mpaka wa pili wa kunakili ni kwamba maandishi pekee ndiyo yanayobebeka. Picha 3, PDF na sauti havina njia hapa. Ukiwa katikati ya kuchagua na alama ya kunakili ikatoweka juu, angalia kama kidole hakijagusa sauti au picha iliyokaa katikati ya maandishi. Ukiitoa, alama inarudi. Nukuu za majibu hazinakiliki pia, ila kwa kuwa majina na mfuatano vipo, maana haipotei sana.

Telegram inageuza mambo. Huko ujumbe uliosambazwa unabeba jina la aliyeuandika juu yake. Jumbe 14 za watu wanne zinafika zikiwa na majina manne, na picha, faili na sauti zikiwa ndani ya msafara huo huo. Aliyeweka faragha kali kwenye akaunti yake ataonekana jina tu, bila mgeni kuweza kuligusa na kufika kwenye akaunti yake. Na kama hutaki majina yaonekane, kabla ya kutuma unagusa kipande cha jumbe kinachosubiri juu ya sehemu ya kuandikia, unachagua kuficha majina ya watumaji, au hata kuficha maelezo ya picha. Zikifika zitaonekana kama umeziandika wewe. Kwa kweli hapa Telegram inashinda bila ubishi, kwani swali la nani alisema nini umeachiwa wewe uamue.

Kunakili kwenye Telegram kuna kikwazo kidogo: ujumbe mmoja hauzidi herufi 4,096. Ukibandika maandishi marefu, programu inayakata vipande na kuyatuma kama jumbe kadhaa, na kukata huko hakuangalii umefika wapi kwenye mazungumzo. WhatsApp inaruhusu mpaka herufi 65,536 kwenye ujumbe mmoja, hivyo jumbe 9 zinaingia zote na nafasi inabaki kubwa, ingawa mpokeaji atalazimika kugusa ili aone sehemu iliyokunjwa.

Mipaka ya kusambaza

Kwa picha 3, PDF na sauti, kwenye WhatsApp hakuna ujanja: unazichagua zote 5 na kuzisambaza. Zitafika kwa mfuatano uliokuwepo kwenye grupu, hata kama ulizigusa kwa kurukaruka, kwa hiyo usihangaike na mpangilio wa kidole.

Kinachohesabiwa kwa ukali ni idadi ya magumzo unayotuma. WhatsApp inaruhusu magumzo 5 kwa mpigo mmoja. Mpaka huo uliwekwa dunia nzima Januari 2019, baada ya kujaribiwa India mwaka uliotangulia, ili kupunguza kasi ya uvumi. Ukiwa na ujumbe ambao tayari wewe uliupokea ukiwa umesambazwa, bado unaweza kuutuma kwenye magumzo 5, lakini kati yake grupu liwe moja tu. Na ujumbe uliopita mikono mitano au zaidi tangu kwa aliyeuanzisha, ule wenye mishale miwili, unaenda gumzo moja tu kwa wakati. Huo ni utaratibu wa tangu Aprili 2020.

Sasa changanya hizo kwenye uchaguzi mmoja. Tuseme kati ya picha zako 3, mbili zilipigwa na mwenzenu ubaoni na ya tatu ni mchoro unaozunguka mtandaoni wenye mishale miwili. Umechagua vitu vyote 5, faili na sauti zikiwemo, unataka kuzituma kwa wageni watatu, na programu inakukatalia baada ya jina la kwanza. Wengi hudhani simu imekwama. Kumbe uchaguzi mzima umefuata sharti la ule mmoja wenye masharti makali. Rudi nyuma, uondoe mchoro ule kwenye uchaguzi, tuma vinne vilivyobaki kwa wote watatu, kisha mchoro uutume mtu mmoja mmoja.

Telegram haina kizuizi cha namna hiyo kuhusu ujumbe uliozunguka sana. Yenyewe inahesabu jumbe: mwisho ni 100 kwa uchaguzi mmoja. Kwa kazi yetu hutafika huko. Anayehamisha kumbukumbu za mwaka mzima ndiye atakayelazimika kugawa mafungu, na ushauri wangu kwake ni atumie kompyuta, ambako unashika kitufe cha kipanya nje kidogo ya maandishi na kuburuta kuelekea chini, jumbe zinajichagua zenyewe mpaka 100.

Kuna milango iliyofungwa kabisa pande zote mbili. Picha ya kutazamwa mara moja kwenye WhatsApp haisambazwi, haihifadhiwi wala haitiwi nyota. Kwenye Telegram, mwenye grupu au chaneli anaweza kuzuia maudhui yasihifadhiwe wala kusambazwa, jambo lililoanza Desemba 2021, na gumzo la siri halisambazi chochote. Ukikuta mshale haupo, kwanza waza kama ni mojawapo ya haya kabla ya kulaumu simu.

Kutia nyota: ulinzi dhidi ya nani?

Mgeni ameshapata vyake. Sasa ni zamu yako kutunza jumbe 14.

Kwenye WhatsApp unazichagua zote, maandishi na picha na sauti pamoja, na unagusa nyota mara moja. Hapa hakuna ubaguzi wa aina ya ujumbe, na hakuna anayejulishwa. Kama baadhi yake zilikuwa na nyota tayari, zilizobaki zinaongezewa. Nyota yenye mkwaju hutokea pale tu ambapo zote ulizochagua zina nyota, ikimaanisha kwamba ukigusa utaziondoa.

Tatizo ni kwamba nyota ni alama tu iliyobandikwa juu ya ujumbe ule ule. Hakuna nakala ya pili mahali popote. Aliyeandika akiufuta kwa kila mtu, unaondoka na nyota yake. Mkiwa mmewasha jumbe zinazotoweka, nyota haizuii muda kufika; kwa gumzo la aina hiyo kuna kitendo kingine cha kuutunza ujumbe, kilicholetwa 2023, na mtumaji anajulishwa na anaweza kukataa. Kwa hiyo nyota inakulinda dhidi ya usahaulifu wako mwenyewe na dhidi ya ufagio wako mwenyewe. Dhidi ya mtu mwingine haikulindi.

Telegram haina nyota ya namna hii. Mahali pake pana Saved Messages, ambalo ni gumzo lako na wewe mwenyewe. Unachagua zote 14, unazisambaza huko, na kinachokaa huko ni nakala kamili inayojitegemea. Mwandishi akifuta ule wa kwenye grupu, wako unabaki. Vilevile kila ujumbe umebaki na jina la mwenyewe, na kama ule wa awali bado upo, unaweza kugusa mshale ulio pembeni na kurudishwa pale ulipotoka.

Mtumiaji wa WhatsApp anayetaka uhakika wa aina hiyo anaweza kusambaza kwenye gumzo lake mwenyewe, njia iliyoongezwa mwishoni mwa 2022. Faili, picha na sauti zitakuwa salama. Kwa maandishi utarudi kwenye lile tatizo la majina, kwa hiyo huko pia bandika yale uliyonakili badala ya kusambaza. Mimi hufanya vyote: nyota kwa zote 14 kwa ajili ya kazi inayofuata, na nakala kwa zile ambazo zikipotea nitaumia.

Kufuta, na kwa nini usianze kwa kuchagua

Hapa ndipo watu hupoteza jioni nzima. Ndani ya gumzo la WhatsApp hakuna kitufe cha kuchagua zote. Mwenye jumbe elfu tatu za kufuta atagusa elfu tatu. Wengine hufika mia mbili hivi, kidole kikateleza kwenye kitufe cha kurudi, uchaguzi wote ukafutika na ujumbe hata mmoja haujaondoka.

Ndiyo maana nyota ilitangulia. Ukishatia nyota jumbe 14, fungua menyu ya grupu na uchague kusafisha gumzo, si kufuta jumbe. Utaulizwa kama jumbe zenye nyota nazo ziondoke, hakikisha zinabaki. Utaulizwa pia kuhusu picha na video zilizohifadhiwa kwenye simu. Ukithibitisha, elfu tatu zinaondoka kwa mara moja na grupu linabaki na 14, kwa mpangilio wake. Unachagua kile unachotaka kubaki nacho, maana ndicho kichache. Angalia tu usichanganye kusafisha gumzo na kufuta gumzo lenyewe.

Kama unachotaka ni nafasi kwenye simu tu, acha gumzo na uende kwenye mipangilio ya hifadhi na data. Humo kuna sehemu ya kusimamia hifadhi, inayokukusanyia vitu vinavyozidi MB 5 na vile vilivyosambazwa mara nyingi, na humo kuchagua vyote kupo.

Yote hayo ni upande wako tu. Kufuta kwa kila mtu kuna sheria nyingine, na kuchagua nyingi kwa pamoja huzificha sheria hizo. Tangu Agosti 2022 una siku 2 na saa 12 tangu ulipotuma. Ukichagua jumbe zako 6 za leo, chaguo la kufuta kwa kila mtu lipo. Ongeza mmoja wa wiki iliyopita, chaguo hilo linatoweka kwa zote 7. Ongeza mmoja wa mtu mwingine huku wewe si admini, linatoweka vilevile. Dirisha linabaki na kufuta kwako tu, na mwenye haraka hugusa bila kusoma, akajikuta ameondoa jumbe kwenye simu yake huku wengine wote wakiendelea kuzisoma. Ikitokea hivyo, una sekunde 5 za kutengua kwa kitufe kinachojitokeza chini. Baada ya hapo jumbe umezikosa wewe na wao wanazo, na kwa kuwa huzioni tena huwezi kuzishika uzifute kwa wote. Njia iliyobaki ni kuiondoa programu na kuirudisha kutoka kwenye nakala rudufu, ambayo itakupotezea yote yaliyoingia tangu nakala ile ifanywe.

Basi unapofuta kwa kila mtu kwenye WhatsApp, chagua zako tu, za karibuni tu, na soma maneno ya dirisha kabla ya kugusa. Alama kwamba ujumbe umefutwa itabaki mahali pake, mmoja kwa kila ujumbe, kwa hiyo kufuta 6 kunaacha mstari wa alama 6 ambao utaibua maswali kuliko jumbe zenyewe.

Telegram katika hili ni kali kwa namna tofauti. Kwenye gumzo la watu wawili, tangu Machi 2019, unaweza kufuta ujumbe wowote kwa pande zote mbili, uwe wako au wa mwenzako, wa jana au wa miaka iliyopita, na hakuna alama inayobaki. Kinachotenganisha kufuta kwako tu na kufuta kwa wote wawili ni kisanduku kimoja chenye alama ya vema kwenye dirisha la uthibitisho. Anayesafisha simu yake asipokitazama kisanduku hicho anaweza kumfutia mwenzake kumbukumbu zake zote.

Kwenye grupu kubwa la Telegram, mwanachama wa kawaida anafuta jumbe zake tu, na zinaondoka kwa wote. Ujumbe wa mwenzake hawezi kuuchagua na kuuondoa hata kwenye macho yake mwenyewe, kwa sababu historia ni moja ya grupu zima. Kwa hiyo ile hatua ya WhatsApp ya kuacha 14 na kufagia zilizobaki haina mwenzake huko. 14 zako ziko Saved Messages, na grupu unaliacha lilivyo, au unalinyamazisha na kulihifadhi pembeni. Katika gumzo la watu wawili, kwa upande mwingine, unaweza kugusa tarehe inayoelea juu, kalenda ikafunguka, ukachagua siku moja au siku kadhaa mfululizo na kufuta zilizomo bila kugusa ujumbe hata mmoja kwa kidole.

Kama grupu lenu la kusoma halijaanzishwa bado na mnajua wageni watakuja katikati ya safari, liwekeni Telegram na mruhusu wanachama wapya waone historia. Mgeni atapanda juu mwenyewe kutafuta jumbe 14, na wewe hutakuwa na cha kusambaza. Kama tayari liko WhatsApp na hakuna atakayekubali kuhama, nakili maandishi, sambaza faili, tia nyota, kisha safisha, kwa mfuatano huo.